Alt umejaza zote, picha bado hazitoki: tizama maneno yaliyo pembeni yake

Hii naiandikia wenye saiti ndogo za biashara, mana kila siku kuna mtu ananletea simu yake ananambia alt nshajaza zote mbona nikitafuta Google upande wa picha sijioni, na ukifungua peji yake kweli alt, yale maelezo ya picha yanayokaa ndani ya HTML bila ya kuonekana kwenye peji, zimejazwa, hakuna hata moja tupu, lakini picha zenyewe zimepangwa ukuta mzima hakuna neno juu hakuna neno chini. Sasa hapo tatizo alt haliwezi kulitatua peke yake, na mie hili nimelipitia kwenye saiti ya ami yangu, fundi wa kuchonga milango na makasha hapa Unguja, kwa hivyo ntatumia hiyo hiyo kama mfano mwanzo mpaka mwisho.

Saiti ilikuwa na peji moja inaitwa "Kazi Zetu", picha 31, milango na makasha yote humo humo. Alt nlikaa siku mbili nikaziandika moja moja. Miezi ikapita, tukitafuta "mlango wa mfenesi wenye tao Zanzibar" hatumo, tunaona milango ya watu wengine tu. Ami akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo kazi ya siku mbili imefanya nini?" Nikakosa jibu, ndo nikaanza kuchimba.

Kabla ya dalili zenyewe, jambo moja lazma likae sawa. Google wenyewe kwenye miongozo yao wanasema ili kujua picha inahusu nini wanatizama alt, na wanatizama pia maandishi ya peji, kepsheni yani yale maneno yanayoandikwa chini ya picha, na kichwa cha picha, na wanashauri picha ikae karibu na maandishi yanayoihusu. Yani alt ni shahidi mmoja tu. Na kazi yake ya asli ni kumwambia asieona picha kitu gani kipo pale: mlango wa mbao, una tao juu, misumari ya shaba, mfaa wa katikati umechongwa maua. Lakini kwamba mbao ile ni mfenesi na si msaji, kwamba umepachikwa nyumba ya Shangani, kwamba una urefu wa mita 2.4, hayo jicho halioni, hata mtu mwenye macho mazima hawezi kuyajua kwa kutizama picha. Mahali pake ni kepsheni na aya ya jirani. Na watu wakitafuta khasa wanatafuta hayo hayo, aina ya mbao, mtaa, vipimo.

Dalili ya kwanza: picha haimo kabisa

Hii ipite haraka mana si ugonjwa wa kepsheni, ila usipoitoa njiani utapoteza wiki unaandika kepsheni bure. Andika kwenye Google `site:` halafu jina la saiti yako bila nafasi katikati, nenda upande wa Picha. Kama hakuna hata moja, tizama kama peji ina `noindex`, ile amri ya kuikataza Google isiiweke, kama folda ya picha imefungwa kwenye `robots.txt`, au kama themu inaweka picha kama mandhari ya nyuma kupitia CSS, kwa sababu Google picha za namna hiyo haiziindeksi. Sie nyingi zilikuwemo, tukasonga mbele.

Dalili ya pili: picha imo, lakini inaletwa na maneno mengine kabisa

Hapa ndo penye kesi nyingi. Utajuaje: fungua Search Console, ile zana ya Google ya wenye saiti, sehemu ya Performance, badilisha Search type iwe Image, usome maneno yaliyoleta picha zako. Sie tulikuta jina la karakana, "mlango wa mbao", na mengine ya jumla jumla. Mfenesi hamna, tao hamna, kasha hamna, ilhali tao na kasha yamo kwenye alt.

Sababu ukiitizama ile peji unaiona. Kichwa cha peji "Kazi Zetu". Juu kuna aya moja inasema karakana ilianza lini, tuna uzoefu, tupigie namba hii. Chini picha 31. Kwa hivyo jirani wa kila picha ni ile ile historia ya karakana, mlango una jirani huyo huyo, kasha lina jirani huyo huyo. Alt inasema hichi ni kasha la mbao, peji nzima inasema sie ni karakana ya miaka mingi, hakuna anaemuunga mkono mwenzake.

Kipimo ninachotumia sikuizi ni rahisi: ifunike picha kwa kiganja, soma maneno yaliyo juu na chini yake tu, afu mpe simu mtu asieijua biashara yako umuulize hapa pana picha ya nini. Akisema "picha ya karakana pengine?" basi maneno yako hayafanyi kazi.

Tulichofanya tukavunja ile peji tatu. Moja ya milango ya tao juu, ile wengi wanaiita ya Kihindi. Moja ya milango yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, ya Kiarabu, ambayo mara nyingi juu pale ndo pana maandishi ya aya za Kurani. Na moja ya makasha. Kila peji ikapewa kichwa chake kinachosema kitu, "Milango ya tao ya kuchonga, Zanzibar", na hichi kichwa si cha urembo, Google ikionesha picha yako inachukua kichwa na maelezo kutoka kwenye ile peji.

Halafu kila mlango ukapata aya fupi juu yake na kepsheni chini. Ntakuonesha mmoja. Mwanzo ulikuwa na alt tu. Sasa uko hivi:

```html
<p>Mlango huu wa tao tuliuchonga kwa mbao ya mfenesi
kwa nyumba ya zamani Shangani. Tao la mwanzo lilishaliwa
na mchwa, tukalifata kipimo chake.</p>
<figure>
  <img src="/picha/IMG_2041.jpg"
    alt="Mlango wa mbao wenye tao juu, misumari ya shaba,
    mfaa wa katikati umechongwa maua">
  <figcaption>Mlango wa tao, mbao ya mfenesi. Shangani,
  Mji Mkongwe, Zanzibar. Urefu mita 2.4.</figcaption>
</figure>
```

Ona jina la faili sikuligusa, bado ni IMG_2041. Watu wengi wakianza kusafisha wanabadilisha na majina ya mafaili yote siku moja, ukifanya hivyo anwani ya picha inakuwa mpya na Google inaihesabu picha mpya, unaanza upya. Jina la faili ni dokezo dogo tu, kwa picha mpya lipe jina zuri, za zamani ziache.

Na hapa kwenye majina ya pahala ningeomba watu wa visiwani tuwe makini kuliko wengine. Ami alichonga mlango wa nyumba Mkoani, Pemba, na mie kwenye kepsheni nkaandika "Mlango, Mkoani". Mtu wa hapa anajua moja kwa moja, lakini "mkoani" kwa Kiswahili cha kila siku ni popote pale kwenye mkoa, gazeti lolote la bara lina "mkoani Tanga", "mkoani Mwanza", sasa mashine itajuaje kwamba hiyo ni bandari ya kusini Pemba? Shangani nayo iko Mtwara vile vile. Andika "Mkoani, Pemba", andika "Shangani, Mji Mkongwe". Na neno "kasha" peke yake ni sanduku lolote hata la kadibodi, likiwa "kasha la mbao la Kizanzibari lenye misumari ya shaba" limeshajitenga.

Ila usirudishe alt ndani ya kepsheni neno kwa neno. Anaetumia kisoma skrini atasikia sentensi ile ile mara mbili kwa kila picha, na wewe mwenyewe umepoteza nafasi ya kusema kitu kipya. Na usijaze "mlango Zanzibar mlango wa Zanzibar milango Zanzibar", hiyo Google inaihesabu ni kujaza maneno, na mteja akiisoma anaona saiti ya kitapeli.

Dalili ya tatu: kepsheni wewe unaiona, Google haioni

Hii ilitukuta baada ya hapo na ilinichosha kweli. Peji ya makasha tuliitengeneza kwa plagini ya galari, ile ya picha ndogo ndogo, ukibonyeza moja inafunguka kubwa skrini nzima na kepsheni chini yake, nzuri kweli. Kepsheni zote nliziandika. Wiki zikaenda, peji ya milango ikaanza kuleta maneno mapya kwenye Search Console, ya makasha kimya.

Nikafungua HTML nikakuta hivi:

```html
<a href="/picha/IMG_2077.jpg"
   data-caption="Kasha la msaji, droo tatu chini">
  <img src="/picha/IMG_2077-150x150.jpg" alt="Kasha la mbao">
</a>
```

Ile kepsheni imekaa ndani ya `data-caption`. Hayo si maandishi ya peji, ni kitu kimewekwa akiba kwa ajili ya ile skripti, na skripti inakitoa pale mtu anapobonyeza. Google inaifungua peji na inaendesha skripti, lakini haibonyezi picha zako moja moja wala haiburuzi skrini kama mtu. Kwa hivyo kwake kepsheni haijawahi kutokea.

Utapimaje: nenda Search Console, bandika anwani ya peji kwenye URL Inspection, bonyeza Test live URL, ikimaliza bonyeza View tested page, utapata tabu ya HTML. Hapo tafuta neno moja la kepsheni yako lisilopatikana pengine kwenye peji, sie tulitafuta "droo". Kama halipo, Google hailioni. Kama lipo, tizama limekaa wapi: kati ya alama mbili za `<figcaption>` au `<p>` sawa, ndani ya `data-` kitu fulani ni sawa na halipo. Kama huna Search Console, kwenye kompyuta bonyeza Ctrl+U utafute humo, ingawa hiyo inaonesha peji ilivyofika kabla skripti hazijafanya kazi, kwa hivyo ukikosa pale usikate tamaa mpaka upime na ile nyengine.

Dawa ilikuwa kuitoa ile galari tukaweka picha za kawaida, kila moja na `figure` yake, kubwa kiasi cha kuonekana bila ya kubonyeza. Plagini nyengine zina sehemu ya kuchagua kepsheni zioneshwe chini ya picha ndogo, kama yako inayo huna haja ya kuitoa. Kepsheni inayotokea ukipitisha mausi juu ya picha haina shida kwa Google ikiwa maneno yamo kwenye HTML, lakini simu haina mausi, na wateja wa hapa karibu wote wako kwenye simu, kwa hivyo umeiandika asiione mtu.

Kwenye simu kuna na mtego mwengine. Google inaindeksi peji kama inavyotokea kwenye simu. Themu nyengine ili kubana nafasi zinaacha kepsheni kabisa kwenye simu, unaziona kwenye laptopu tu unadhani mambo sawa. Ndo mana upime kwa simu yako mwenyewe kwanza.

Na maneno yaliyoandikwa juu ya picha yenyewe, yale ya kwenye posti za Insta, jina la bidhaa na bei na namba ya simu juu ya mlango, usiyategemee. Yameshakuwa rangi kwenye picha. Yaandike tena chini kama maandishi.

Dalili ya nne: umebadilisha kepsheni, peji imebaki ile ile

Hii ni ya WordPress, na nimeiona kwa watu wengi. Unaingia maktaba ya picha, unajaza Caption kwenye picha zote 31, unasevu, unafurahi, ukirudi kwenye peji hakuna kilichobadilika. Sababu ni kwamba WordPress inanakili kepsheni siku ile unapoiweka picha kwenye peji, baada ya hapo nakala ya kwenye peji haifati tena ya maktaba. Inabidi ufungue peji yenyewe, ubonyeze picha, uandike pale pale. Alt nayo vivyo hivyo. Na ile picha kuu ya makala, Featured image, themu nyingi haziioneshi kepsheni yake hata ukiijaza, kwa hivyo kama ile picha ni muhimu iweke tena ndani ya maandishi ikiwa na maneno yake.

Dalili ya tano: picha inaletwa na maneno ya jirani yake

Tulikuwa na mlango wa Kiarabu unatokea mtu akitafuta tao. Nikatizama peji kwenye laptopu, mpangilio mzuri tu, picha kushoto maelezo kulia, mstari unaofata kinyume chake, maelezo kushoto picha kulia, ili ipendeze. Nikafungua kwenye simu: kila kitu kimejipanga juu chini, na maelezo ya mlango wa tao yameangukia juu ya picha ya mlango wa Kiarabu, picha mbili zimefatana bila neno katikati. Mpangilio wa kwenye HTML ndo ulikuwa hivyo, laptopu ilikuwa inauficha tu.

Hata mtu mzima angechanganyikiwa, achilia mbali mashine. Tukapanga HTML iwe maelezo, picha, kepsheni, halafu maelezo ya pili, picha ya pili, kepsheni, na upande wa kushoto na kulia tukauacha CSS ifanye. Hapa ndo `figcaption` inasaidia kuliko aya ya kawaida, mana imefungwa pamoja na picha yake ndani ya `figure`, hakuna kubahatisha ni ya nani.

Kinachofanana na hichi ni picha kutokea lakini ukibonyeza inakupeleka peji ya mwanzo badala ya peji ya mlango. Picha ile ile tuliiweka na kwenye slaida ya nyumbani bila maneno yoyote, na ikiwa katika peji mbili Google inaweza kuchagua yoyote. Kwenye slaida tukaweka picha nyengine za karakana, za milango tukaziacha kwenye peji zake.

Kama kuna mtu amekwambia uandike kepsheni kwenye ramani ya saiti, yani sitemap, ile `<image:caption>`, huo ushauri ni wa zamani. Google waliacha kuitumia 2022 pamoja na `<image:title>`. Anwani ya picha kwenye ramani bado inafaa, kepsheni iwe kwenye peji.

Umerekebisha yote na bado kimya

Subiri. Picha zinapitiwa upya na Google mara chache kuliko peji zenyewe, kwa hivyo ukiandika kepsheni leo usitizame kesho. Unaweza kubonyeza Request indexing kwa peji, ila usibonyeze kila siku, haiongezi kasi. Kwetu milango ya tao ilianza kutokea kwa "mlango wa mfenesi" baada ya kama miezi miwili, na makasha yalikuja nyuma zaidi kwa sababu ya ile galari. Kwa "mlango wa Zanzibar" peke yake bado hatumo juu, pale pamejaa saiti kubwa za utalii na za kuuza picha, na kepsheni haiwezi kuzishinda. Inakushindia pale unapokuwa na kitu ambacho wao hawakukiandika, aina ya mbao, mtaa, kipimo.

Na hapo ndo tukagundua kazi ngumu haikuwa HTML. Katika zile picha 31, nne mpaka leo hazina kepsheni ya maana, kwa sababu milango ishapachikwa, ishapakwa mafuta, na ami mwenyewe akiitizama kwenye simu hana uhakika ule ulikuwa mvule au msaji, na kuandika kitu tusichokijua hatukutaka. Sikuizi kabla mlango haujatoka karakana anaupiga picha, anaupima kwa futi kamba, anaandika kwenye daftari mbao gani, nyumba ya mtaa gani, na nini kimefatwa kwenye mlango wa zamani, afu ananitumia vyote pamoja kwenye Watsapu.